Walidhani anauza vifaranga: kisa cha sehemu ya juu ya tovuti moja

Mwenye biashara alinipigia akiwa na lalamiko moja: tovuti ina wageni, matangazo ya Facebook anayalipia kila wiki, meseji za WhatsApp zinaingia mpaka dada anayezijibu anachoka, lakini mashine haziuziki. Karakana yake iko Dar es Salaam. Anatengeneza na kuuza mashine za kutotolesha vifaranga, ndogo za mayai 60 na kubwa za hadi mayai 500, zikiwa na kabati la mbao au la bati, feni, kidhibiti joto na mota ya kugeuza trei. Kazi yake ni nzuri, nimeiona. Aliyeniunganisha naye alikuwa amemshauri atengeneze tovuti mpya kabisa. Mimi nilimwomba kitu kimoja kabla hatujazungumza habari ya tovuti mpya: aniruhusu nikae na yule dada nisome meseji za watu.

Tulichukua meseji 50 za mwisho, zile za kwanza tu ambazo mtu anaandika kabla hajajibiwa. Zilikuwa zimeingia ndani ya siku tisa. Meseji 21 ziliuliza bei ya vifaranga. "Kifaranga mmoja shilingi ngapi?" "Mna kuroila wa wiki mbili?" "Naomba oda ya vifaranga 200 wa kienyeji, niko Kibaha." Nyingine sita zilikuwa za mtu anayeuliza kabisa hapa panauzwa nini, au anayeandika tu "naomba maelezo". Zilizouliza mashine zilikuwa 15. Nane zilizobaki ni za kuomba kazi, za mawakala na za waliokosea namba.

Hapo ndipo nilipoona kuwa tatizo si lile tulilozoea kulisikia, kwamba wageni hawaelewi. Hawa walielewa haraka sana na kwa uhakika, ila walielewa kitu kingine. Mtu asiyeelewa husitasita, hushuka chini kidogo, hutafuta. Mtu aliyeelewa vibaya hatafuti chochote. Ameshamaliza, anabonyeza WhatsApp na kuulizia kuroila.

Tovuti yenyewe ilikuwa hivi. Juu kabisa nembo na menyu yenye vipengele vinane. Chini yake slaida, picha tatu zinazobadilishana kila baada ya sekunde tatu. Ya kwanza: viganja viwili vimeshika vifaranga wa manjano, na maandishi "Tunaangua Mafanikio Yako". Ya pili: watu wawili wamevaa suti wanapeana mikono. Ya tatu: shamba wakati wa machweo, na maneno "Suluhisho bora la kisasa kwa mfugaji wa leo". Chini ya slaida kitufe cha "Soma Zaidi". Mashine ya kwanza kuonekana kwa macho ilikuwa huko chini, baada ya "Dira Yetu" na "Maadili Yetu".

Mzee mwenye biashara alilipenda sana lile neno la kuangua mafanikio. Ni la kwake mwenyewe, na kusema kweli ni zuri. Aliniambia, "Mdogo wangu, hilo ndilo linalotutofautisha na wengine." Sikubishana naye siku ile. Nilimwomba twende kwenye duka la dawa za mifugo na pembejeo linalouza hata chakula cha kuku, maana pale ndipo wateja wake wanapopita kwa miguu yao.

Jaribio lenyewe halina gharama. Unachukua simu ya kawaida, si ile ya bei mbaya unayotembea nayo wewe, unafungua ukurasa, unampa mtu aushike. Unahesabu moyoni moja mpaka tano, unamwomba akurudishie simu. Kisha unauliza: "Hawa watu wanauza nini?" Akishajibu: "Ni ya nani hiyo, nani anaihitaji?" Na la tatu: "Ungetaka kuendelea, ungebonyeza wapi?" Basi. Unaandika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha.

Wengi hukosea mambo mawili. La kwanza ni kuuliza "umeelewa?" Kwetu mtu mstaarabu atakujibu ndiyo, hata kama hajaona kitu, maana hapana ni kama kukutukana. La pili ni kumpa utangulizi: "naomba uangalie tovuti ya rafiki yangu anayeuza mashine". Ukishasema hivyo, jaribio limekufa. Mimi nilisema tu, "Samahani, naomba uangalie hii kidogo, halafu nikuulize swali." Na kila mtu anafaa mara moja tu. Ukimrudia kesho na ukurasa mpya tayari anajua jibu, kwa hiyo kila raundi inataka watu wapya.

Tulipata watu wanane ndani ya saa moja na nusu. Watano walisema wanauza vifaranga. Mmoja akasema chakula cha kuku. Mmoja, ambaye alichelewa kidogo kuangalia akakutana na picha ya kupeana mikono, akasema ni watu wa mikopo. Wa nane akasema simu ilikuwa bado inafungua. Hakuna hata mmoja aliyetamka neno mashine. Mzee alisimama pembeni anasikiliza. Alipofika yule wa mikopo alicheka, lakini njiani kurudi karakana alikuwa kimya.

Kabla ya kugusa maneno nilitaka kujua yule wa nane alikwama wapi, kwa sababu yeye hakuelewa vibaya, yeye hakuona kitu. Kila picha ya slaida ilikuwa na uzito wa karibu MB 2, iliyopakiwa kama ilivyotoka kwenye kamera. Kwa mtandao wa kasi ya Mbps 1, ambao mtu anayepata akiwa pembezoni mwa mji hashangai, picha moja ya MB 2 inachukua kama sekunde 16. Google huhesabu ukurasa kuwa mzuri pale kitu kikubwa zaidi kinachoonekana juu kinapotokea ndani ya sekunde 2.5. Sisi tulikuwa mbali na hapo kama Dar na Mwanza. Kibaya zaidi, maneno yalikuwa yamechorwa ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo mpaka picha ifike hakuna hata herufi moja ya kusoma. Na picha ilipofika kwenye simu ilikatwa pembeni ili itoshe wima. Kwenye simu yenye upana wa pikseli 360 kichwa kilisomeka hivi: "ngua Mafanikio Y". Mzee alikuwa hajawahi kukiona hivyo kwa sababu yeye tovuti yake anaiangalia kwenye kompyuta ya ofisini.

Kitufe nacho kilikuwa na balaa lake. Slaida ilikuwa imepewa urefu wa `100vh`, yaani kioo kizima. Vivinjari vya simu hukokotoa kipimo hicho kana kwamba ule upau wa anwani umejificha, wakati mgeni anapofika ule upau bado upo. Kwa hiyo kilichopangwa kukaa chini kabisa kinamezwa nje ya kioo. Kitufe kilianzia pale pale slaida ilipoishia, na juu ya nafasi hiyo ndipo ilipokuwa ikielea alama ya kijani ya WhatsApp. Ndiyo maana watu hawakusoma zaidi. Ukiacha menyu, kitu pekee kilichokuwa kinabonyezeka kwenye kioo cha kwanza ni WhatsApp.

Sasa maneno. Sikuanza na kichwa, nilianza na zile meseji 15 za waliojua wanachotaka, nikaongeza nyingine za miezi iliyopita. Nilikuwa natafuta neno ambalo mnunuzi mwenyewe huliita hicho kitu, na maswali anayoyauliza kabla ya kulipa. Karibu wote waliandika "mashine ya kutotolesha", wengine "mashine ya mayai". Wachache tu waliandika "inkubeta", tena kwa tahajia sita tofauti. Maswali yalikuwa yale yale: ya mayai mangapi, bei gani, umeme ukikatika inakuwaje, na mnatuma mkoani? Ukiyapanga hayo tayari una sehemu ya juu ya ukurasa; kazi iliyobaki ni kuyapunguza.

Hata hivyo raundi ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Niliandika "Inkubeta za kisasa kwa wafugaji", kwa sababu neno ni fupi, lina uzito, na linakaa vizuri kwenye mstari mmoja. Nilikuwa nimetoka kusoma meseji zinazoniambia watu hawalitumii, bado nikaliandika. Tulikwenda duka jingine la pembejeo, watu sita. Wawili walilijua. Mmoja akadhani ni dawa. Watatu waliangalia picha tu, na picha bado ilikuwa ya vifaranga kwa sababu tulikuwa hatujapata nyingine, wakajibu: vifaranga.

Raundi ya pili niliandika "Totolesha vifaranga wako mwenyewe". Kama mwandishi nilijisikia nimemaliza: ina kitenzi, inamsemesha msomaji, inamwambia anachopata. Picha tukabadilisha, tukaweka ya mashine. Watu sita wengine. Wanne walisema wanauza vifaranga, na mmoja wao aliongeza "na wana friji ya kuwawekea".

Jibu hilo liliniuma lakini lilinifundisha mambo mawili kwa mpigo. Kuhusu kichwa: mtu akiwa na sekunde tano hasomi sentensi, anadonoa. Katika "Totolesha vifaranga wako mwenyewe" neno linalodonolewa kwa urahisi ni vifaranga, kwa sababu ndilo jina la kitu pekee lililopo. Totolesha ni kitendo, kinahitaji kufikiriwa kidogo. Kinachouzwa hakikuwemo kabisa kwenye kichwa. Kilikuwemo kile kinachotokana na kinachouzwa. Muuza cherehani akiandika "Shona nguo zako mwenyewe" hana shida kubwa, maana cherehani yenyewe inatambulika kwenye picha kutoka mbali. Sisi tulikuwa na kabati.

Na hilo ndilo la pili: mashine yetu ikifungwa mlango haifanani na kitu chochote isipokuwa friji. Ni boksi jeupe refu lenye mlango na taa ndogo. Sisi tunaoijua tunaona mashine ya kutotolesha. Mgeni anaona friji, kabati, au oveni ya mikate. Mzee alikuwa na picha nyingi nzuri za mashine zake, zote zimefungwa mlango, kwa sababu ndivyo zinavyopendeza zikishapakwa rangi.

Tulipiga picha upya palepale karakana, kwa simu, karibu na dirisha, asubuhi. Mlango wazi, trei zimejaa mayai, mkono wa fundi unavuta trei ya katikati nusu. Mkono ule una kazi: bila huo huwezi kujua kama kabati ni la kimo cha goti au cha mtu. Nilidhani hapo tumeshinda. Kabla ya kuiweka nikamwonyesha picha peke yake, bila maneno, mama mmoja anayepika chapati jirani na karakana. Akaangalia, akasema, "Hii ni ya kuchemshia mayai?"

Kwa hiyo vifaranga walirudi, ila kwa masharti. Kwenye mashine za aina hii mayai hukaa trei za juu yakigeuzwa, kisha siku ya 18 huhamishiwa trei ya chini ambayo haigeuzwi, na yanatotolewa kama siku ya 21. Tulisubiri mashine moja ya karakana ifike siku yake, tukapiga picha ile ile: mayai juu, mkono katikati, na chini kabisa vifaranga saba au wanane bado wana unyevunyevu, wamekaa katikati ya maganda. Sasa picha inasimulia yenyewe kutoka juu kwenda chini. Yule mama nilimwonea aibu kumrudia, nikamwonyesha binti yake, akasema, "Si ya kutotolesha hiyo?"

Kichwa cha tatu kilikuwa cha kawaida mno hata niliona haya kukipeleka: "Mashine za kutotolesha mayai ya kuku". Neno la kwanza ndilo bidhaa. Mdogo wake mzee, ambaye ni mwalimu wa Kiswahili, aliandika kwenye kundi la familia kwamba kinachototoleshwa ni vifaranga na si mayai, na tunaharibu lugha. Ana hoja. Lakini wateja wenyewe husema hivyo na vile, na tulipojaribu "Mashine za kutotolesha vifaranga" karakana na kwa majirani, bado kuna waliodonoa vifaranga wakaacha mashine. Neno mayai halimpeleki mtu kwenye kununua kuku. Tukabaki nalo.

Chini ya kichwa tukaweka mistari miwili tu: "Za mayai 60 hadi 500, kuanzia sh 350,000. Zinatumia umeme, na za sola zipo. Tunatuma mikoa yote." Hapo ndipo vita ya kweli ilipokuwa, na ilikuwa juu ya bei. Mzee hakutaka bei ionekane. Hofu zake zilikuwa mbili: washindani wataiona, na mteja akiona namba ataondoka kabla hajazungumza naye. Ya kwanza nilimjibu kirahisi, washindani wake wanaijua bei yake tayari, wanampigia wakijifanya wateja, kama yeye anavyowapigia wao. Ya pili ilikuwa nzito zaidi na sikuwa na jibu la kumfunga mdomo. Ni kweli kuna mtu ataondoka. Nilichomwambia ni kwamba anayeondoka kwa kuona 350,000 ni yule yule ambaye dada wa WhatsApp anamwandikia robo saa halafu ananyamaza. Na kuna faida nyingine ambayo haihusu pesa: hakuna kifaranga wa sh 350,000. Namba ile peke yake inamwambia mtu anayedonoa kwamba hapa si banda la vifaranga. Hoja hiyo ndiyo iliyomlegeza. Tukakubaliana kuandika "kuanzia", na ni bei ya mashine ya mayai 60 ambayo ipo dukani kweli, si ya kuvutia watu halafu ukifika imekwisha.

Slaida tuliiondoa. Watu wa ofisini walilalamika kwa sababu kila mmoja alikuwa na picha yake humo: nafasi za uwakala, ofa, semina ya wafugaji. Niliwaeleza habari ya Erik Runyon wa Chuo Kikuu cha Notre Dame kule Marekani, aliyehesabu mwaka 2013 mibonyezo ya slaida ya ukurasa wa mwanzo wa chuo hicho: takribani 1% tu ya wageni ndio walioibonyeza, na sehemu kubwa mno ya hao walibonyeza picha ya kwanza. Uwakala na semina vikapata nafasi yao chini, kila kimoja na kichwa chake. Menyu ikapunguzwa kutoka vipengele vinane hadi vinne.

Ukubwa wa herufi ulileta tabu ambayo kwa Kiswahili huwezi kuikwepa. Kiolezo kilichotumika kilikuwa kimewekewa kichwa cha pikseli 44, ukubwa unaowafaa wanaoandika maneno ya silabi mbilimbili. "Kutotolesha" ina herufi 11. Kwenye simu ya pikseli 360 kichwa chetu kilivunjika mistari minne na kusukuma bei na kitufe nje ya kioo. Tulishusha hadi pikseli 28, kikakaa mistari miwili: "Mashine za kutotolesha" juu, "mayai ya kuku" chini. Hakuna aliyelalamika kuwa herufi ni ndogo. Kwenye kompyuta tuliacha 44.

Mpangilio wa simu ukawa: nembo, kichwa, mistari miwili, kitufe, kisha picha. Wengi huweka picha kwanza. Sisi tulitanguliza maneno kwa sababu ya yule wa nane, ambaye picha haikumfikia. Maneno yakiwa ni maandishi halisi ya ukurasa, yanatokea karibu mara moja hata kama mtandao unasuasua, na picha inayakuta. Tulihakikisha kwamba ncha ya juu ya picha, zile trei za mayai, inaonekana kabla ya kushuka, kwenye kioo chenye urefu wa pikseli 640.

Picha ilikatwa mara mbili, moja ya wima kidogo kwa simu na moja pana kwa kompyuta, badala ya kuacha kivinjari kikate kinavyotaka. Ya simu ilishuka hadi KB 70.

```html
<picture>
  <source media="(min-width: 800px)" srcset="mashine-pana.webp"
          width="1400" height="700">
  <img src="mashine-simu.webp" width="720" height="600"
       fetchpriority="high"
       alt="Mashine ya kutotolesha, mlango wazi, trei za mayai">
</picture>
```

Ule upana na urefu ulioandikwa unamruhusu msomaji kusoma bila ukurasa kurukaruka picha inapofika. `fetchpriority="high"` inakiambia kivinjari kisiiweke picha hii kwenye foleni na nyingine. Na kuna kitu ambacho hakipo humo kwa makusudi: `loading="lazy"`. Programu-jalizi ya tovuti ilikuwa inaibandika kwenye kila picha, pamoja na ya juu kabisa, jambo linaloichelewesha picha pekee isiyotakiwa kuchelewa. Ilibidi tuiambie iiruke hiyo moja.

Kitufe cha "Soma Zaidi" kikawa "Angalia saizi na bei". Kinakupeleka chini kwenye jedwali la mashine tano. WhatsApp haikuondoka, ila ikawa maandishi pembeni ya kitufe, "au tuulize WhatsApp", na ile alama ya kijani inayoelea tukaifuta. Kiungo chake kilitengenezwa na ujumbe ulioandikwa tayari kwa kutumia `?text=` mwishoni mwa anwani ya `wa.me`: "Habari, naulizia mashine ya mayai". Anamalizia namba mwenyewe. Hilo lilimpunguzia dada kazi, na pia likatupa alama ya kumtambua aliyetoka sehemu ya juu ya tovuti.

Raundi ya mwisho tulirudi duka la kwanza, watu wanane wapya. Saba walisema mashine, kwa maneno yao: "mashine za kutotolesha", "zile inkubeta", "mashine za mayai". Mmoja alisema vifaranga. Swali la tatu, ungebonyeza wapi, sita walionyesha kitufe. Watatu walitaja bei bila kuulizwa, mmoja akiguna.

Kisha tukaachia hewani, na wiki ya kwanza mzee alinipigia kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Meseji zimepungua. Ilikuwa kweli: zamani meseji 50 mpya zilichukua siku tisa, sasa zilichukua siku 14. Nilikwenda tukakaa tena na dada, tukazihesabu kama mwanzo. Za vifaranga zilikuwa tatu, za "mnauza nini" mbili, nyingine za kazi na uwakala saba, na za mashine 38. Ukigawa kwa siku, walioulizia mashine walikuwa chini ya wawili kwa siku, sasa karibu watatu. Dada hakuhitaji hesabu hiyo. Alisema siku hizi watu wanaanza na "ya mayai 120 ipo?" badala ya "mambo".

Sitaki kuifanya hesabu hiyo ibebe zaidi ya uwezo wake. Tulibadilisha kichwa, picha, bei, kitufe na kasi kwa pamoja, kwa hiyo siwezi kusema ni kipi kilichofanya kazi kubwa zaidi. Dhana yangu ni picha na bei, lakini ni dhana. Biashara yenye wageni wengi ingegawanya wageni nusu kwa nusu ikapima kimoja kimoja. Yenye meseji tatu nne kwa siku ingesubiri mwaka mzima kupata jibu. Tangazo la Facebook nalo lilikuwa bado na picha ya vifaranga wiki mbili za mwanzo, na nadhani wale watatu walioulizia vifaranga walitoka huko. Na kuuza mashine zaidi ni habari nyingine, inayotegemea kama mashine ipo, fundi anapokea simu, na mteja ana hela mwezi huo.

Wale wa vifaranga mzee hakuwaacha waende hivi hivi. Ana orodha ya watu walionunua mashine kwake, Kibaha, Morogoro, Mkuranga, na dada sasa anawapa namba zao wanaotafuta vifaranga. Hilo lilikuwa wazo la dada.

Kuna kosa moja tuliloligundua baada ya mwezi. Mtu wa Mombasa aliandika akisema mashine ni nzuri ila bei ni ya ajabu. Dada hakuelewa, mashine ni ya bei ya chini kabisa. Ilichukua meseji tatu mpaka ikafahamika kuwa aliposoma "sh 350,000" aliisoma kwa shilingi za Kenya, na huko ni zaidi ya mara kumi na tano. Sote tuliotengeneza ule ukurasa tuko Dar, na wote tuliowajaribu tuliwakuta Dar. Tukaandika "TSh".

"Tunaangua Mafanikio Yako" haikutupwa. Mzee aliichapisha stika, inabandikwa mlangoni mwa kila mashine inayotoka karakana.